Mashine ya kufulia inajaza maji polepole: maswali kuhusu chujio la maji yanayoingia

Maswali haya ni ya mwenye mashine ya kawaida ya nyumbani, inayolishwa na tenki la juu au na bomba la mtaa, ambayo zamani ilijaza vizuri na sasa inachelewa. Mara nyingi kinachosumbua ni kichujio kidogo cha wavu kilichoziba mahali maji yanapoingilia. Kazi ya kukisafisha haizidi nusu saa, ila ina mambo mawili matatu ambayo ukiyakosea utaharibu kitu cha bei kubwa zaidi.

Nitajuaje kwamba mashine kweli inajaza polepole, si mimi tu ninayeona hivyo?

Sikiliza. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, valvu ya maji hufunguka kwa umeme na utasikia mlio mdogo wa kunguruma pamoja na maji yakipita kwenye droo ya sabuni. Mashine yenye afya inapiga sauti ya maji yanayomwagika kwa nguvu. Ile iliyoziba inanguruma vilevile, lakini maji ni uzi mwembamba tu, au hayasikiki kabisa. Vuta droo ya sabuni nje kidogo wakati inajaza uangalie mwenyewe.

Dalili nyingine ni muda. Dakika zinazoonyeshwa kwenye kioo zinagoma kushuka, au programu ya dakika 40 inageuka ya saa moja na nusu. Hatimaye mashine inachoka kusubiri na kuandika kosa: LG huandika `IE`, Samsung huandika `4C` au `4E` kwa za zamani kidogo, na Bosch nyingi huandika `E17`. Zote zinasema jambo moja, kwamba maji hayakufika kiwango kwa muda uliowekwa. Hazisemi kwamba mashine imekufa.

Kwenye mashine za mlango wa mbele usitegemee kuona maji yakipanda kwenye kioo. Zinatumia maji machache, na kwa nyingi maji hubaki chini ya ukingo wa mlango, nguo zikionekana zimelowa tu.

Chujio lenyewe liko wapi? Nimefungua mpira wote sijaliona.

Watu wengi husema liko ndani ya mpira, na wakati mwingine ni kweli, lakini kwa kawaida halipo hapo. Fuata njia ya maji kuanzia ukutani. Kwenye koki kuna nati ya mpira, ya robo tatu. Ndani ya nati hiyo kuna raba ya duara, na kwenye baadhi ya mipira raba hiyo imeshikana na kipande cha wavu wa chuma au plastiki. Hilo ni chujio la kwanza, na si kila mpira unalo.

Chujio la pili, ambalo karibu kila mashine inalo, liko upande wa pili, nyuma ya mashine. Ukifungua nati ya mpira hapo utaona mdomo wa plastiki wenye nyuzi, na ndani yake kofia ndogo ya wavu, mara nyingi nyeupe, ya buluu au ya kijani, yenye kijipembe katikati. Hilo limekaa ndani ya valvu ya mashine, si ndani ya mpira. Kwa hiyo unaweza kuusuuza mpira siku nzima na tatizo likabaki palepale.

Kama mashine yako ina midomo miwili nyuma, mmoja wa maji baridi na mwingine wa maji moto, kila mdomo una chujio lake.

Kwa nini linaziba wakati maji yetu yanaonekana masafi?

Kwa sababu matundu ya wavu ni madogo kuliko uchafu ambao jicho halijali. Maji yakikatika kwa siku kadhaa kisha yakarudi, bomba la mtaa linakuwa limejaa hewa, na msukumo wa kwanza unabeba kutu na tope lililokuwa limetulia. Tenki nalo lina mchanga chini. Siku maji yakibaki kidogo, au likijazwa kwa bauza, ule mchanga unavurugika na kushuka. Nyumba mpya zina mabaki ya plastiki iliyokatwa na msumeno wakati wa kufunga mabomba, na nyuzi za tepu nyeupe ambazo fundi alizungusha kwenye maungio. Nyuzi hizo ndizo mbaya kuliko vyote, kwani zinalala juu ya wavu kama kitambaa.

Kwa wanaotumia maji ya kisima kirefu kuna jambo jingine: chokaa. Maji magumu huacha utando mweupe kwenye wavu hata kama hayana chembe ya mchanga, na utando huo hautoki kwa kusuuza.

Nianze kufungua moja kwa moja?

Hapana, pima kwanza. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mtu alifanye kabla ya kuita fundi au kununua pampu, maana ndoo moja na saa ya simu vitakuonyesha kizuizi kiko sehemu gani ya njia.

Chukua ndoo unayojua ujazo wake, tuseme lita 10. Funga koki ya mashine, fungua mpira upande wa koki, weka ndoo chini ya koki yenyewe na uifungue yote. Hesabu sekunde hadi ijae. Halafu rudisha mpira kwenye koki, ufungue upande wa mashine, elekeza mwisho wa mpira kwenye ndoo, upime tena. Mwisho, unganisha kila kitu, washa programu ya kawaida bila nguo, na uangalie inachukua dakika ngapi hadi maji yaache kuingia na pipa lianze kuzunguka.

Chukua mfano wa mashine ya mlango wa mbele ya kilo 7, ambayo tuseme inaingiza lita kama 12 mwanzoni. Koki inajaza ndoo kwa sekunde 50. Mpira unajaza kwa sekunde 55. Tofauti ya sekunde 5 ni ya kawaida, kwa sababu mpira una upana mdogo. Lakini mashine inachukua dakika 9 kuingiza hizo lita 12. Kwa kasi ya mpira, maji hayo yangeingia kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Valvu yenyewe hupunguza kasi kwa makusudi, kwa hiyo dakika mbili au hata tatu ningezikubali. Tisa ni nyingi mno, na kwa kuwa koki na mpira vimepita mtihani, kilichobaki ni chujio la kwenye valvu au valvu yenyewe. Anza na chujio.

Sasa geuza hesabu. Koki sekunde 50, mpira dakika 3. Hapo usiguse nyuma ya mashine kwanza: ama wavu wa kwenye nati ya koki umeziba, ama mpira umekunjika nyuma ya mashine iliyosukumwa sana ukutani. Na kama koki yenyewe inachukua dakika 3, chujio halina kosa hata kidogo. Tatizo liko kwenye bomba, kwenye koki au kwenye tenki, na jibu lake liko chini kidogo.

Nahitaji vifaa gani?

Ndoo, taulo kuukuu, plaizi yenye mdomo mwembamba, mswaki wa zamani, na siki kidogo kama maji yako ni magumu. Tochi ya simu inasaidia sana. Spana kubwa iache, maana nati hizi zilitengenezwa zikazwe kwa mkono.

Nalisafishaje, hatua kwa hatua?

Funga koki ya maji. Kisha, kabla ya kuzima umeme, washa mashine kwenye programu yoyote kwa sekunde kumi hivi. Valvu itafunguka na presha iliyobaki ndani ya mpira itaingia kwenye mashine badala ya kukurukia usoni. Zima, halafu chomoa plagi ukutani. Usitosheke na kuzima swichi ya mashine: utakuwa na maji mikononi karibu na valvu inayotumia umeme wa volti 220 hadi 240.

Ivute mashine mbele taratibu, ukiangalia mpira wa kutolea maji machafu usichomoke. Tandika taulo, weka ndoo chini ya mdomo wa maji, na ufungue nati kinyume na saa. Mpira utatoa maji yaliyobaki ndani, mara nyingi chini ya lita moja. Ushushe kwenye ndoo umalizikie.

Mulika ndani ya mdomo. Ukiona wavu umefunikwa na tope la kahawia au vipande vya plastiki, umempata mhalifu. Shika kile kijipembe cha katikati kwa plaizi, kamata kwa upole, na uvute kuja kwako moja kwa moja huku ukitikisa kidogo kushoto na kulia. Linapaswa kutoka kama kizibo. Usiingize bisibisi kwenye wavu ili kulibandua, kwani tundu moja tu litalifanya lisiwe na kazi tena.

Lioshe chini ya maji yanayotiririka, ukisukuma maji kutoka upande wa ndani kwenda nje, yaani kinyume na njia yaliyokuwa yakipita. Ukiosha kwa mwelekeo uleule, unazidi kuzisindilia chembe kwenye matundu. Piga mswaki pande zote, halafu liinue kwenye mwanga. Kila tundu lionekane wazi. Kabla ya kulirudisha, panguza mdomo wa valvu kwa kitambaa chenye unyevu, ukitoa mchanga uliobaki nje bila kuusukuma ndani.

Sasa kuna hatua ambayo wengi huiruka. Kabla ya kufunga mpira kwenye mashine, elekeza mwisho wake kwenye ndoo na ufungue koki kwa nguvu hadi ndoo ijae. Uchafu uliotikiswa wakati wa kazi utatoka hapo. Usipofanya hivyo, lita ya kwanza itapeleka uchafu wote kwenye chujio ulilotoka kusafisha.

Rudisha chujio hadi likae chini kabisa, hakikisha raba ipo ndani ya nati, na uanze kuifunga nati kwa vidole. Ikianza kupinda au kuwa ngumu mapema, irudishe nyuma uanze upya, kwa kuwa nyuzi za plastiki zikivukana zinaharibika moja kwa moja. Ikishakaza kwa mkono, inatosha. Kama bado inatoa jasho, ongeza robo mzunguko tu. Fungua koki, subiri dakika tano ukiangalia, pitisha karatasi kavu kuzunguka nati. Ikibaki kavu, rudisha mashine mahali pake bila kuukunja mpira, kisha plagi.

Chujio limegoma kutoka. Nifanyeje?

Limeshikwa na chokaa au na raba iliyokauka. Usivute kwa nguvu zote, kwa sababu kijipembe kikikatika ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu. Ukiweza kuilaza mashine kidogo mdomo ukatazama juu, mwaga siki kiasi cha kijiko ndani ya mdomo na uiache nusu saa. Usipoweza kuilaza, lowesha pamba kwa siki uijaze kwenye mdomo. Kisha jaribu tena kwa kuzungusha kidogo kabla ya kuvuta.

Kuna valvu chache ambazo chujio lake halikuundwa kutolewa. Hizo zisafishe hapohapo kwa mswaki mkavu na kitambaa, ukiuelekeza mdomo chini ili uchafu uanguke nje.

Wavu una utando mweupe ambao hautoki kwa mswaki.

Hiyo ni chokaa. Litumbukize chujio kwenye kikombe cha siki nyeupe, au maji ya malimau mawili matatu, kwa nusu saa hadi saa moja. Utaona viputo vidogo vikipanda, ishara kwamba asidi inakula chokaa. Lisuuze vizuri. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini: haitoi chokaa, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu. Wala usilichemshe, plastiki nyembamba hujipinda na baada ya hapo halitakaa sawa.

Fundi ameniambia nilitoe kabisa, "maji yaingie huru". Ni sawa?

Si sawa, na naomba unisikilize hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu ushauri huu unaonekana kufanya kazi siku ya kwanza.

Ndani ya valvu kuna utando wa raba wenye kitundu kidogo sana. Valvu inapofungwa, maji hupenya kwenye kitundu hicho hadi upande wa juu wa utando, na presha yao ndiyo inayoukandamiza utando kwenye kiti chake. Kwa maneno mengine, valvu inafungwa na maji yenyewe; umeme kazi yake ni kuifungua. Chembe moja ya mchanga ikiziba kile kitundu, maji hayafiki juu na utando hauketi. Ikilala kati ya utando na kiti, matokeo ni yaleyale: valvu haifungi.

Na valvu isiyofunga haijui kama mashine imezimwa. Maji yataendelea kuingia polepole usiku kucha, hata plagi ikiwa imechomolewa, hadi yamwagike sakafuni. Kwa anayekaa ghorofani, yatashuka kwenye dari ya jirani. Chujio ndilo linalozuia haya. Bei yake ukilinganisha na valvu nzima ni ndogo sana, na wauza vipuri wengi wanalo peke yake. Nenda na la zamani mkononi upimishe kipenyo na urefu, maana yanafanana kwa macho lakini hayaingiliani. Likichanika, nunua jipya. Usifue bila chujio hata kwa wiki moja "ya kusubiri".

Kama chujio lako lilishatolewa zamani, jaribu hivi: usiku, mashine ikiwa tupu na imezimwa, acha koki wazi. Asubuhi ukikuta maji ndani ya pipa, valvu yako tayari haifungi vizuri. Hadi ibadilishwe, funga koki kila unapomaliza kufua.

Nimesafisha chujio, wavu unang'aa, lakini bado inachelewa.

Rudi kwenye ndoo. Kama koki yenyewe ni dhaifu, tazama kimo cha tenki. Kwenye kibandiko cha mashine au kwenye kitabu chake kuna kiwango cha presha ya maji. Mashine nyingi za mlango wa mbele huanzia 50 kPa, yaani 0.05 MPa. Maji yaliyotulia yanatoa takriban 10 kPa kwa kila mita moja ya kimo. Kwa hiyo uso wa maji kwenye tenki unapaswa kuwa mita 5 juu ya mdomo wa mashine ili kufika hicho kiwango cha chini.

Pima nyumbani kwako. Tenki lililo juu ya mnara wa mita 3, lenye maji ya mita moja ndani, na mashine ambayo mdomo wake uko karibu mita moja kutoka ardhini: kimo halisi ni mita 3, sawa na 30 kPa. Hapo mashine iko chini ya kiwango hata kabla ya kuhesabu kona za bomba. Tenki likipungua hadi chini, unabaki na 20 kPa. Ndiyo maana watu wengi husema mashine "inagoma mchana lakini usiku inakubali": usiku hakuna anayeoga wala kuosha vyombo, na tenki limejaa. Ukiishi ghorofa ya mwisho chini kidogo tu ya tenki, hali ni mbaya zaidi kuliko ya jirani wa chini.

Valvu ya utando inahitaji presha ili ifunguke vizuri, kwa hiyo presha ikiwa ndogo mno mashine haijazi polepole kwa uwiano tu. Inaweza kukataa kabisa. Dawa yake ni kupandisha tenki, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha inayojiwasha maji yakitembea. Ila usinunue pampu kabla ya kusafisha chujio na kupima kwa ndoo. Pampu inayosukuma kwenye wavu ulioziba inaongeza kelele na inausindilia uchafu.

Koki ikiwa na nguvu, mpira una nguvu, chujio ni safi, na bado ni uzi tu, basi valvu yenyewe imechafuka ndani au raba yake imekakamaa. Hapo ibadilishwe. Kama husikii hata ule mngurumo wa valvu, umeme haufiki au koili yake imekatika. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye mita.

Inajaza haraka kwenye maji baridi lakini nikichagua maji ya uvuguvugu inasuasua. Chujio tena?

Huenda hakuna kilichoziba. Mashine nyingi za mlango wa juu zina midomo miwili na hazipashi maji zenyewe. Nyumba zetu nyingi hazina bomba la maji moto karibu, hivyo fundi huunganisha baridi tu na kuacha mdomo wa moto na kifuniko chake. Ukichagua uvuguvugu, mashine inafungua valvu ya moto ikisubiri maji ambayo hayapo. Chagua baridi kwa kila programu.

Nasikia maji yanaingia vizuri kabisa, lakini kiwango hakipandi.

Angalia mpira wa maji machafu. Kama mwisho wake umelala sakafuni au umesukumwa chini sana kwenye bomba la taka, maji yanaingia juu na kutoka chini wakati huohuo. Mpira huo unapaswa kupanda hadi kimo cha sentimita 60 hadi 100 hivi kutoka sakafuni kabla ya kushuka, kulingana na kitabu cha mashine yako. Ufunge kwenye ukuta kwa kamba au kishikizo, usizibwe kwa utepe mahali unapoingia kwenye bomba, kwa sababu hewa inahitaji kupita hapo.

Kuna sanduku la plastiki kwenye nati ya upande wa koki. Nalo nilifungue?

Usilifungue na usilitumbukize kwenye maji. Ndani yake kuna valvu ya usalama ya umeme inayokata maji mpira ukipasuka, na waya wake unapita ndani ya mpira huohuo wa nje. Kwa hiyo mpira huo haukatwi kufupishwa. Chujio lake liko kwenye mdomo wa nati inayoshika koki. Lishike kwa plaizi, litoe, lioshe, lirudishe. Plagi iwe imechomolewa.

Mwanangu alisafisha chujio la chini mbele ya mashine na hakuna kilichobadilika.

Lile ni la pampu ya kutolea maji machafu. Linakamata vifungo, sarafu na nyuzi za nguo, na likiziba mashine inashindwa kumwaga maji, haishindwi kujaza. Ni vizuri amelisafisha, lakini sasa nenda nyuma.

Mashine yangu ni ya mapipa mawili, haina kioo wala kompyuta.

Hiyo kwa kawaida haina valvu ya umeme. Maji yanaingia moja kwa moja kwa mpira mwepesi uliochomekwa. Angalia kama kuna wavu kwenye mdomo wa kuingilia, usafishe, basi. Kama hakuna, tatizo ni la koki au tenki.

Nimefunga tena na sasa inadondosha kwenye nati.

Usiikaze kwanza. Ifungue uangalie raba: ama imebaki kwenye ndoo, ama imekaa upande, ama imepasuka na kuwa ngumu. Hiyo raba ndiyo inayozuia maji, nyuzi za nati zinaishikilia tu. Kwa sababu hiyo tepu nyeupe haisaidii chochote hapa, na vipande vyake huishia kwenye chujio. Nunua raba mpya ya robo tatu. Ukikaza kwa spana unaweza kupasua mdomo wa valvu, ambao ni plastiki, na ufa wake hauzibiki kwa gundi ukadumu.

Nisafishe kila baada ya muda gani?

Inategemea maji kuliko mashine. Kwa tenki lenye mchanga au kisima, ningelitazama kila miezi mitatu hadi lijulikane linachafuka kwa kasi gani, kisha ningeongeza au kupunguza muda. Kwa bomba la mtaa lenye maji ya kuaminika, mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Lakini kuna siku tatu ambazo hazisubiri kalenda: maji yaliporudi baada ya kukatika kwa siku kadhaa, tenki liliposafishwa, na fundi alipogusa bomba lolote ndani ya nyumba. Siku hizo fungua koki nyingine kwanza, ya nje au ya bafuni, uache maji yatoke hadi yawe meupe, ndipo uifungulie mashine.

Naweza kuweka chujio jingine kwenye koki ili nisivute mashine kila mara?

Unaweza, na kwa mwenye mgongo unaouma au mashine iliyobanwa kwenye kabati ni suluhisho zuri. Yapo machujio ya kufunga kati ya koki na mpira, yenye nyuzi za robo tatu pande zote mbili na kikombe kinachofunguliwa kwa mkono. Chagua lenye kikombe kinachopitisha mwanga, uone uchafu bila kufungua. Lisome mshale wake, maji yapite kwa mwelekeo huo. Hata hivyo lile la kwenye valvu libaki mahali pake. Na kama presha yako inatoka kwenye tenki la mita 3 au 4, pima kwa ndoo kabla na baada ya kulifunga: kwenye presha ndogo namna hiyo chujio la ziada lenye wavu mwembamba sana linaweza kukurudishia uzi uleule wa maji, na itabidi utafute lenye matundu makubwa kidogo.